Jinsi ya kuandika dokezo la Bodi pale udhibiti unapovunjika: mfano wa Saccos na akaunti zilizolala

Mwalimu mmoja mstaafu alikuja dirishani kuchukua akiba yake, kwa hesabu zake ana milioni 3 na laki 2, karani akaangalia kwenye mfumo akamwambia mzee salio lako ni elfu 14. Mzee hakupiga kelele, alikaa tu kwenye benchi akasema yeye hajawahi kutoa hata shilingi tangu astaafu. Hapo ndipo kazi ilipoanza, na siku nane baadaye nilikuwa nimeweka dokezo la kurasa tatu mezani kwa Bodi. Mimi ni mkaguzi wa ndani, Saccos siitaji na tarakimu nimezibadilisha kidogo, ila mtiririko ni uleule na nitautumia kuonyesha namna ya kuandika hili dokezo hatua kwa hatua, maana nimeona mengi sana yanayoandikwa vibaya na pesa za watu zinaendelea kutoka.

Hatua ya 1: zuia kwanza, halafu funga ushahidi, kuandika baadaye

Kabla hujaandika sentensi moja hakikisha tundu limezibwa hata kwa kamba. Kwetu pesa zilikuwa zinatoka kwa simu baada ya namba ya mwanachama kubadilishwa kwenye mfumo, kwa hiyo tulizuia utoaji kwa njia ya simu kwenye akaunti zote ambazo namba ya simu ilibadilishwa ndani ya miezi minne, siku ileile jioni. Wanachama walilalamika, sawa, lakini pesa haikutoka tena.

Pili logi za mfumo. Waulize watu wa TEHAMA logi zinakaa siku ngapi kabla hazijafutwa, kuna mifumo inafuta yenyewe baada ya miezi mitatu na usipouliza utakuta ushahidi wa mwanzo umeshapotea. Toa nakala, weka kwenye flashi mbili, andikeni karatasi ya makabidhiano msaini watu wawili na saa iwekwe. Fomu za karatasi nazo chukua zile halisi usichukue fotokopi, tawini waachie fotokopi. Na hii kazi usimpe mtu yeyote ambaye jina lake linaweza kutokea kwenye hizo logi hata kama ni mtu safi unayemwamini, kwa faida yake mwenyewe pia.

Hatua ya 2: tenganisha tarakimu tatu

Hapa nakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo wengi wanaharibu. Mjumbe wa Bodi swali lake la kwanza ni "tumepoteza shilingi ngapi?" na wewe ukijibu kwa namba moja halafu wiki ijayo ikabadilika, hakuna atakayekuamini tena hata kwenye yale uliyopatia.

Kwetu tulikuta akaunti 41 zilizolala, yaani hazikuwa na muamala wa mwenyewe kwa zaidi ya mwaka, zimebadilishwa namba ya simu kati ya Machi na Juni. Kati ya hizo 41, akaunti 29 zilitolewa pesa kupitia simu, jumla shilingi 63,480,000. Ukiwa na haraka unaandika "hasara ni milioni 63.48" na hapo umeshakosea, kwa sababu inawezekana baadhi ya hao 29 walibadilisha namba wenyewe kihalali na wakatoa pesa yao. Ilibidi tuwatafute mmoja mmoja, wengine kwa simu ya zamani, wengine kupitia shule walizofundisha, mmoja tukakuta ameshafariki tukaongea na msimamizi wa mirathi. Mpaka siku ya kuandika, 23 walikuwa wamethibitisha kwa maandishi kwamba hawakutoa, hao jumla yao 51,200,000. Waliobaki 6, shilingi 12,280,000, tulikuwa hatujawapata. Na zile akaunti 12 ambazo namba ilibadilishwa ila pesa ilikuwa bado ipo zilikuwa na 18,900,000.

Kwa hiyo kwenye dokezo ziliingia tarakimu tatu, kila moja na jina lake: iliyothibitishwa kupotea 51,200,000, inayoendelea kuhakikiwa 12,280,000, na iliyokuwa hatarini ila haikutoka 18,900,000. Usizijumlishe. Mtu akizijumlisha kwenye kikao atapata milioni 82 na hiyo namba ndiyo itakayotoka nje ya mlango.

Kabla hujaziweka, linganisha na leja kuu. Jumla ya miamala ya kutoa uliyoiona kwenye logi lazima iendane na kilichotoka kwenye akaunti yenu ya kampuni ya simu kwa tarehe zilezile. Sisi tulikuta tofauti ya laki 3 tukahangaika nusu siku, kumbe muamala mmoja ulirudishwa. Bora uhangaike nusu siku ofisini kuliko mhasibu mkuu akuumbue mbele ya Bodi.

Hatua ya 3: aya ya kwanza ibebe kila kitu

Wajumbe wengi wa Bodi za Saccos ni walimu, manesi, wafanyabiashara, wanasoma dokezo usiku baada ya kazi au ndani ya daladala wakija kikaoni. Ukianza na "Saccos yetu ilianzishwa kwa lengo la kuwainua wanachama kiuchumi" umempoteza. Aya ya kwanza ijibu mambo manne: nini kimetokea, kiasi gani, kimezuiwa au bado, na Bodi inaombwa iamue nini. Yetu ilikuwa hivi:

> "Kati ya tarehe 3 Machi na 18 Juni, namba za simu za akaunti 41 zilizolala katika tawi moja zilibadilishwa bila kufuata utaratibu wa kuidhinisha, na pesa zikatolewa kwa simu katika akaunti 29. Hasara iliyothibitishwa ni sh. 51,200,000, sh. 12,280,000 nyingine zinahakikiwa. Utoaji kwa njia hii ulizuiwa tarehe 19 Juni na hakuna muamala mpya ulioonekana tangu hapo. Udhibiti wa watu wawili kuidhinisha mabadiliko ulikuwepo kwenye sera lakini haukuwa ukifanya kazi. Bodi inaombwa kuamua mambo matatu yaliyo katika sehemu ya 5."

Ona hakuna neno "wizi" wala jina la mtu. Mambo ya nani kafanya ni ya uchunguzi na polisi na kamati ya nidhamu, dokezo lako linahusu udhibiti uliovunjika. Ukiandika "karani fulani ameiba" na baadaye ikaonekana paswedi yake ilitumiwa na mwingine, umeiingiza Saccos kwenye kesi na umemharibia mtu maisha. Andika kile logi inachosema na usiende mbele zaidi: "kitambulisho cha mtumiaji cha meneja wa tawi kilitumika kuidhinisha". Kitambulisho kutumika ni kitu kimoja, meneja mwenyewe kuidhinisha ni kitu kingine kabisa.

Hatua ya 4: eleza ilivyotakiwa, ilivyokuwa, na kwa nini

Anza na ilivyotakiwa, kifupi tu. Sera inasema mwanachama ajaze fomu na kusaini, aje na kitambulisho, karani aingize, meneja aidhinishe kwa paswedi yake, na mfumo utume meseji kwenye namba ya zamani kumjulisha mwenye akaunti.

Halafu ilivyokuwa, na hapa weka ushahidi mmoja au miwili yenye nguvu, sio yote, mingine ikae kiambatisho. Sisi tuliweka miwili. Wa kwanza: kwenye mabadiliko yote 41, muda kati ya kuingiza na kuidhinisha haukuzidi dakika moja na vyote vilifanyika kwenye kompyuta moja, mfano mmoja uliingizwa saa 7:07:12 mchana ukaidhinishwa saa 7:07:49. Sekunde 37, mtu hawezi kutoka chumba cha meneja, akasoma fomu, akakaa kwenye kompyuta ya karani kwa muda huo. Wa pili: mabadiliko 9 yaliidhinishwa siku ambazo meneja alikuwa likizo, yuko mkoa mwingine. Mjumbe yeyote hata asiyejua kompyuta anaelewa hapo hapo.

Sasa kwa nini. Hapa nakuomba usiandike "kukosa umakini kwa watumishi" wala "uelewa mdogo wa taratibu", maana ukiandika hivyo pendekezo litakalofuata ni semina, na semina haizibi tundu. Endelea kuuliza mpaka ufike kwenye kitu ambacho mtu mwingine yeyote akiwekwa pale naye angekosea vilevile. Sisi tuliuliza kwa nini karani alikuwa na paswedi ya meneja, jibu ni kwamba meneja alimpa. Kwa nini alimpa? Kwa sababu tawi zima lilikuwa na muidhinishaji mmoja tu, akienda benki au kikaoni wanachama wanapanga foleni mpaka nje na makao makuu wanapiga simu kulalamika. Kwa nini mfumo ulikubali paswedi ya mtu aliye likizo? Kwa sababu utumishi hawana utaratibu wa kuwaambia TEHAMA nani yuko likizo. Na kwa nini wanachama hawakupata meseji? Hili liliniuma kuliko yote. Mwaka uliotangulia tulipohamia mfumo mpya meseji zote za taarifa zilizimwa ili kupunguza gharama, na hakuna aliyekaa kuchambua ipi ni ya matangazo na ipi ni ulinzi. Saccos ile ina mabadiliko ya namba kama 300 kwa mwezi, meseji mbili kila badiliko, hata ukipiga shilingi 30 kwa meseji moja ni elfu 18 kwa mwezi mzima.

Tofautisha pia udhibiti usiokuwepo kabisa na udhibiti uliokuwepo kwenye karatasi ila haufanyi kazi. Kuidhinisha kwa watu wawili kulikuwepo, kulivunjwa. Kuzuia paswedi ya aliye likizo hakukuwepo kabisa, hakuna aliyewahi kukufikiria. Dawa zake ni tofauti, la kwanza linahitaji kuondoa kinachowasukuma watu kuvunja, la pili linahitaji kujenga kitu kipya.

Na kama wewe mkaguzi ulihusika kwenye kushindwa, liandike. Mwaka mmoja nyuma idara yangu iliandika hoja ya kushirikiana paswedi tawini, menejimenti wakaleta waraka waliousambaza kwa watumishi, nasi tukafunga hoja kwa kuangalia ule waraka bila kwenda kupima. Niliweka sentensi hiyo kwenye dokezo kama ilivyo. Ilikuwa ngumu kuiandika, lakini mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi alishaiona kwenye faili kabla yangu, kwa hiyo ningeificha ningekuwa nimekwisha.

Hatua ya 5: mapendekezo, na kipi ni cha Bodi

Kosa la kawaida ni kumwaga mapendekezo 20 yote sawa sawa. Bodi haiwezi kuamua nani azime paswedi ya nani, hiyo ni kazi ya menejimenti. Tenga yale yanayohitaji uamuzi wa Bodi kwa sababu yanagusa pesa, sera au wahusika wa nje. Kwetu yalikuwa matatu tu.

La kwanza ni kuwarudishia wanachama 23 pesa zao, 51,200,000, sasa hivi bila kusubiri kuzipata kutoka kwa aliyechukua, na ionyeshwe zinatoka kifungu gani. La pili ni kutoa taarifa nje. Kwa Saccos ya Tanzania msimamizi ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika, Kenya ni SASRA, kisha kuna polisi, mkaguzi wa nje, na kampuni ya bima kama mna bima ya uaminifu wa watumishi. Hiyo ya bima soma mkataba siku ya kwanza kabisa maana una muda wa kutoa taarifa, ukichelewa wana haki ya kukataa kulipa. La tatu ni kubadili sera ili akaunti iliyolala isifufuliwe wala kubadilishwa namba bila mwenyewe kufika tawini, na kila badiliko la namba lifunge utoaji kwa simu kwa saa 72 huku meseji ikienda namba ya zamani na mpya.

Ya menejimenti yakafuata kwa ufupi, kila moja na cheo cha anayewajibika, tarehe, na jinsi tutakavyojua limefanyika. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Ona tofauti:

> Dhaifu: "Menejimenti iimarishe udhibiti wa paswedi."

> Linalofaa: "Meneja wa TEHAMA, ifikapo 15 Julai, aweke mfumo usikubali aliyeingiza na aliyeidhinisha kutumia kompyuta moja ndani ya dakika 10. Muidhinishaji wa pili wa kila tawi ateuliwe na Mhasibu Mkuu ifikapo tarehe hiyohiyo. Ushahidi: ukaguzi wa ndani utachukua mabadiliko 25 ya mwezi Agosti na kupima moja moja."

Usisahau kuonyesha kinga ya muda. Kama la kudumu litakamilika Julai, kati ya sasa na Julai pesa inalindwa na nini? Sisi tuliandika kwamba mabadiliko yote ya namba yanaidhinishwa makao makuu na watu wawili waliotajwa kwa vyeo, na tukakiri wazi kwamba itachelewesha wanachama mpaka siku moja.

Hatua ya 6: wape menejimenti wasome, ila usiwape kalamu

Rasimu mpelekee Meneja Mkuu, mpe saa 48 ajibu kwa maandishi. Akionyesha kosa la kweli rekebisha na umshukuru, kwetu alisahihisha tarehe ya kuhamia mfumo mpya na alikuwa sahihi. Akitaka maneno yalainishwe tu, mfano "haukuwa ukifanya kazi" iwe "ulikuwa na changamoto", mwambie kwa heshima kabisa: "Mheshimiwa, maoni yako nitayaweka neno kwa neno chini ya sehemu hii, ila matokeo ya ukaguzi yanabaki." Bodi isome pande zote mbili, hiyo ni haki yake na ni haki yao pia. Kama Meneja Mkuu mwenyewe ametajwa kwenye logi, ruka hatua hii, nenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi.

Usambazaji: nakala za karatasi zenye namba, zinakusanywa baada ya kikao. Majina na namba za akaunti za wanachama yakae kwenye kiambatisho kimoja anachokuwa nacho mwenyekiti tu. Na tafadhali usitume kwenye grupu la wasap la Bodi, nimeshaona dokezo la siri likirudi kwa mtuhumiwa kabla kikao hakijaanza.

Hatua ya 7: kikaoni na baada ya hapo

Omba dakika 15, ongea kwa aya ya kwanza na yale maamuzi matatu, mengine jibu ukiulizwa. Usipojua sema hatujahakiki, tutaleta tarehe fulani. Kabla ya kutoka hakikisha muhtasari umeandika uamuzi, sio "Bodi ilipokea taarifa". Kupokea taarifa maana yake hakuna aliyeagizwa chochote.

Ufuatiliaji ndio unaoua madokezo mazuri. Benki ya Barings ya London, Agosti 1994 wakaguzi wake wa ndani waliandika ripoti kuhusu ofisi ya Singapore, wakasema wazi kwamba Nick Leeson anasimamia biashara na pia anasimamia mahesabu ya biashara hiyohiyo, mamlaka yamelundikana kwa mtu mmoja na yatenganishwe. Tatizo lilionekana na likaandikwa, ila mamlaka hayakutenganishwa. Februari 1995 benki yenye umri wa zaidi ya miaka 200 ikaanguka kwa hasara ya pauni milioni 827, ikauzwa kwa ING kwa pauni 1.

Sisi tulipima mwezi Septemba kama tulivyoandika, mabadiliko 25 ya Agosti. Ishirini na tatu yalikuwa safi. Mawili meseji ya namba ya zamani haikutoka, kwa sababu namba hizo ziliandikwa bila sifuri ya mwanzo zama za mfumo wa zamani na mfumo mpya ukazikataa kimyakimya. Menejimenti waliomba hoja ifungwe kwa kuwa wamefanya zaidi ya asilimia 90. Niliandika kwamba hoja inabaki wazi mpaka namba zote za aina hiyo zisafishwe, nikaweka tarehe mpya 31 Oktoba, na kwenye orodha ya namba 212 zilizokutwa na tatizo hilo ya yule mwalimu mstaafu nayo ilikuwemo.